Kutafuta huku swali likibadilika: mwongozo wa kuchuma maarifa kidogo kidogo

Kila muhula unapoanza, maswali yale yale hurudi kwenye meza ninayowasaidia wanafunzi na watafiti wachanga. Mmoja husema ameandika mada yake kwenye kisanduku cha kutafutia, matokeo yamekuja maelfu, na hajui aanzie wapi. Mwingine husema alianza na swali fulani, akasoma makala tatu, na sasa anataka kujua jambo jingine kabisa, kwa hiyo anaogopa kwamba amepotea. Wa tatu huuliza atajuaje kwamba amemaliza. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao, na hasa kwa yule wa pili, kwa sababu yeye hajapotea: anatafuta kama watafiti wanavyotafuta siku zote, isipokuwa hana njia ya kuweka kumbukumbu ya mabadiliko hayo.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Mwaka 1989 Marcia Bates, msomi wa ukutubi na sayansi ya habari katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alichapisha makala iliyopinga dhana iliyokuwa imejengewa mifumo mingi ya kutafutia. Dhana hiyo ilisema kwamba mtu ana hitaji moja lisilobadilika, huliandika mara moja, na mfumo humletea fungu moja la majibu. Bates alieleza kwamba katika utafutaji halisi swali hubadilika kadiri mtu anavyosoma, na kwamba hitaji lake halikidhiwi na fungu moja la mwisho bali na vipande anavyovipata mahali mbalimbali njiani. Alilinganisha kazi hiyo na kuchuma matunda madogo ya porini. Ndizi huzaa mkungu mzima, ukaukata kwa pigo moja, lakini matunda ya vichakani yametawanyika, na huchumwa moja moja huku mchumaji akihama kutoka kichaka hadi kichaka. Baadaye, mwaka 2006, Gary Marchionini alitofautisha utafutaji wa kupata jibu la mara moja na utafutaji wa kujifunza na kuchunguza. Huu wa pili ndio tunaoushughulikia hapa, na nitauita utafutaji wa kuchunguza.

Ili hatua zisibaki hewani, nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme unataka kujua ni nani aliyeamua kwamba Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu jibu lake la kwanza hupatikana haraka sana, kisha jibu hilo hilo huzaa maswali magumu zaidi.

Mahitaji kabla ya kuanza

Uwe na daftari, la karatasi au faili kwenye kompyuta, lililogawanywa katika safu nne: tarehe, swali nililo nalo sasa, nilichochuma pamoja na mahali nilipokichuma, na kilichobadilisha swali. Safu ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo inayobeba mwongozo huu wote.

Uwe na njia ya kuingia katika katalogi ya maktaba moja nzuri, hata kama ni kwa mtandao tu, na katika chombo kimoja kinachoonyesha nani amemtaja nani. Google Scholar inatosha kwa kuanzia. Kwa vitabu vilivyochapishwa karne ya 19, tovuti ya Internet Archive itakusaidia, kwa kuwa vingi vimewekwa humo kurasa kwa kurasa.

Tenga vipindi vya saa mbili hivi, si siku nzima. Baada ya saa mbili mtu huendelea kufungua kurasa bila kuzisoma, na utafutaji wa aina hii hausogei bila kusoma.

Hatua ya 1: Andika swali la kwanza kama lilivyo

Andika swali lako kwa sentensi kamili, pamoja na tarehe, kabla hujafungua chombo chochote. Usiandike mada, andika swali. "Usanifishaji wa Kiswahili" ni mada, wala haikwambii kama chanzo ulichokishika kinakufaa au la. "Ni nani aliyeamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na lini?" ni swali, na ukisoma ukurasa wowote utajua kama umelijibu.

Kosa la kawaida hapa ni kulipamba swali mpaka lionekane la kitaalamu. Swali la kwanza linaruhusiwa kuwa dogo na la kijinga, kwa kuwa halitadumu.

Hatua ya 2: Tafuta chanzo kimoja cha kuanzia, kisha uache kutafuta

Andika maneno machache, chagua chanzo kimoja kinachoeleza suala zima kwa upana na chenye tanbihi nyingi, kisha funga kisanduku cha kutafutia. Wanaoanza hukosea hapa kuliko mahali pengine popote: hutumia kipindi kizima wakikusanya faili arobaini ambazo hawatazifungua, wakiamini kwamba kukusanya ndiko kutafuta.

Kwa mfano wetu, chanzo kizuri ni kitabu cha Wilfred Whiteley cha mwaka 1969 kuhusu jinsi Kiswahili kilivyokua hadi kuwa lugha ya taifa. Ukisoma sehemu inayohusu kipindi cha ukoloni utapata jibu lako katika muda mfupi: mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanzishwa kamati ya pamoja ya maeneo manne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ili isimamie lugha hiyo. Kama ungekuwa unatafuta jibu la mara moja, kazi ingeishia hapa.

Hatua ya 3: Soma ukitafuta vitu vinne

Katika chanzo cha kwanza usisome ukitafuta jibu peke yake. Chukua majina ya watu na vyombo, tarehe, maneno yaliyotumika enzi hizo, na tanbihi zinazokugusa. Haya ndiyo yatakayokupeleka kichaka kinachofuata.

Maneno ya enzi hizo yanastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu ndiyo sababu kubwa ya watu kusema kwamba hakuna kitu kilichoandikwa kuhusu mada yao. Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika jina la lugha yetu `Suahili`, Wajerumani waliandika `Suaheli`, na Waingereza wa Zanzibar waliandika `Swahili`. Kiunguja katika maandishi ya Kiingereza kinaweza kuitwa lahaja ya Zanzibar, na Kimvita lahaja ya Mombasa. Mtu anayetafuta kwa neno moja la leo hafiki kabisa kwenye maandishi ya 1880. Kwa hiyo, kila unapokutana na tahajia ngeni ya jambo lako, iandike daftarini na uitafute peke yake:

```
"Suaheli" grammatik
"Suahili language" dictionary
"Swahili" "Mombasa dialect"
```

Kamati nayo ilibadilisha jina mara kadhaa. Ilianza kama `Inter-Territorial Language Committee`, baadaye ikaitwa `East African Swahili Committee`, mwaka 1964 ikawa chombo cha utafiti ndani ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, kikaja kujulikana kwa miaka mingi kama TUKI, na leo warithi wake ni TATAKI. Ukitafuta kwa jina la mwisho tu, umejifungia nje ya miaka thelathini ya kwanza.

Hatua ya 4: Fuata tanbihi kwenda nyuma

Chagua tanbihi mbili au tatu, si zote. Kipimo ni hiki: je, tanbihi inabeba jambo lililokushangaza? Kama mwandishi anataja chanzo ili kuthibitisha jambo ulilolijua tayari, iache.

Katika mfano wetu jambo la kushangaza ni kwamba uamuzi wa 1928 ulikuwa na wapinzani. Wamisionari wa Kianglikana wenyewe walikuwa wamegawanyika: wale wa Chama cha Misheni cha CMS, ambao kituo chao kilikuwa Mombasa, walitetea Kimvita, na wale wa UMCA, waliokuwa Zanzibar, walitumia Kiunguja. Ukifuata tanbihi nyuma unafika kwa Edward Steere wa UMCA, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka 1870, na kwa Krapf wa CMS, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Hapa hujatafuta neno lolote jipya. Umefuata mkono wa mwandishi tu, na umerudi nyuma karibu miaka mia moja.

Njia hii ina mpaka wake: hukupeleka nyuma daima, wala haikwambii chochote kilichoandikwa baada ya chanzo chako. Tena hukupeleka kwa watu ambao mwandishi huyo aliwaheshimu. Whiteley aliwahi kuwa katibu wa kamati hiyo hiyo anayoiandikia. Hilo halimfanyi asiaminike, bali linakuonya kwamba tanbihi zake zinaiona historia kutoka ndani ya ofisi.

Hatua ya 5: Swali likibadilika, andika limebadilishwa na nini

Hii ndiyo hatua ninayokusihi usiiruke. Baada ya tanbihi chache utahisi kwamba swali la kwanza halikuvutii tena. Usilifute. Chora mstari chini yake, andika swali jipya, na katika safu ya nne andika sentensi iliyolibadilisha pamoja na ukurasa wake. Daftari la mfano wetu linaweza kusomeka hivi:

Swali la 1: Ni nani aliyeamua kwamba Kiunguja kiwe msingi, na lini? Limejibiwa: mkutano wa Mombasa, 1928.

Swali la 2: Kwa nini Kimvita kilishindwa, ilhali kilikuwa na ushairi mkubwa ulioandikwa tangu zamani na kamusi kubwa ya Krapf? Limebadilishwa na maelezo kwamba CMS walikitetea Kimvita.

Swali la 3: Je, vitabu vilivyokuwa tayari vimechapishwa kwa Kiunguja viliuamua mjadala kabla ya watu kukaa mkutanoni? Limebadilishwa na orodha ya vitabu vya UMCA: Steere mwaka 1870, kisha kamusi za Arthur Madan za mwaka 1894 na 1903.

Angalia jinsi swali la tatu lisivyokuwa dogo kuliko la kwanza, wala si kipande chake. Ni swali la aina nyingine: la kwanza linahusu mkutano, la tatu linahusu mitambo ya uchapaji. Mtu aliyeanza na swali la kwanza asingeweza kuliandika la tatu siku ya kwanza, kwa kuwa hakujua kwamba Madan yupo. Ndiyo maana nasema hawezi kulaumiwa kwa kuanza na swali jembamba.

Sasa, tofauti kati ya swali linalokua na mtu anayetangatanga iko hapa. Swali linalokua lina sentensi iliyolizaa, nawe unaweza kuionyesha. Mtu akikuuliza umefikaje kwenye uchapaji ilhali ulianza na mkutano, unamfungulia ukurasa. Anayetangatanga hana ukurasa: amefika kwenye picha za meli za kale za Zanzibar kwa sababu zilikuwa pembeni mwa skrini. Nimewahi kukaa na mwanafunzi aliyelia kwa kuamini kwamba miezi miwili yake imepotea, kwa sababu mada aliyoiandikia pendekezo haikuwa ile aliyokuwa akiisoma. Tulipopitia barua pepe alizojitumia mwenyewe, tuliikuta kila sentensi iliyomgeuza, moja baada ya nyingine. Kazi ilikuwepo, ila ilikuwa haijaandikwa kama safari.

Hatua ya 6: Geuka uende mbele

Ukishakuwa na chanzo cha zamani chenye uzito, tafuta waliokitaja baadaye. Katika Google Scholar, chini ya kila tokeo, kuna kiungo kilichoandikwa `Cited by` na namba. Kibonyeze, kisha weka alama kwenye kisanduku cha `Search within citing articles` na uandike neno la swali lako la sasa. Usiandike neno la swali la kwanza. Kwa mfano wetu, ndani ya waliomtaja Whiteley, ungeandika:

```
missionary press Zanzibar
```

Kwa njia hii kazi mia kadhaa hupungua na kubaki chache zinazogusa uchapaji.

Lakini onyo la kweli kwa msomaji wa Kiswahili ni kwamba vyombo hivi huona vibaya kazi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Vitabu vingi vya Nairobi na Dar es Salaam havikuwekwa mtandaoni, kwa hiyo tanbihi zake hazihesabiwi. Kitabu cha Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala cha mwaka 1977 kuhusu historia ya Kiswahili ni cha lazima kwa swali letu la pili, nacho unaweza kupitia kurasa nyingi za `Cited by` usikione. Njia ya mkono ni hii: chukua kitabu cha Kiswahili cha karibuni zaidi unachoweza kukipata kuhusu usanifishaji, nenda moja kwa moja kwenye marejeo yake, na usome orodha nzima. Dakika ishirini za kusoma orodha hiyo huziba pengo ambalo chombo hakiwezi kuliziba.

Hatua ya 7: Simama mahali pamoja na uangalie pembeni

Bates alitaja njia sita ambazo watu huzitumia kuchuma. Mbili umeshazitumia, kwenda nyuma kwa tanbihi na kwenda mbele kwa waliotaja. Kutafuta kwa mada katika faharasa na bibliografia ndiyo uliyoanza nayo, na kumfuata mwandishi mmoja haina ugumu: andika `author:chiraghdin` pamoja na neno la mada, uone alichokiandika kwingine. Mbili zilizobaki ndizo wanaoanza hawazijui.

Ya kwanza ni kupitia rafu. Katika maktaba inayotumia mpangilio wa Dewey, lugha ya Kiswahili iko kwenye 496.392, na katika ule wa Maktaba ya Bunge la Marekani iko PL8701 hadi PL8704. Nenda hapo usome migongo ya vitabu bila kutafuta kimoja maalumu. Ila kumbuka kwamba swali lako likihama, rafu nayo huhama. Swali la tatu la mfano wetu, kuhusu uchapaji wa misheni, halikai kwenye lugha tu. Vitabu vya historia ya Zanzibar viko 967.81, na vya historia ya misheni viko kwenye dini, katika mia mbili. Nimewaona watu wakisimama wiki nzima mbele ya rafu ya swali lao la zamani, wakilalamika kwamba maktaba ni maskini.

Ya pili ni kupitia jarida zima. Kamati ya 1930 ilikuwa na jarida lake tangu mwanzo, na ukoo wa jarida hilo unaendelea hadi leo kwa jina la Kiswahili, likitolewa Dar es Salaam. Chukua miaka mitano, soma yaliyomo ya kila toleo, na ufungue yale tu yanayoligusa swali lako. Tahadhari ni kwamba jarida hilo limebadilisha jina kadiri kamati ilivyobadilika, na katalogi huliandikisha kila jina kama jarida tofauti. Ukiona linaanzia katikati ya karne, usidhani kwamba matoleo ya awali hayapo. Fungua rekodi yake katika katalogi utafute mstari unaosema linaendeleza jarida gani, kisha urudi nyuma kwa jina hilo.

Faida ya kupitia jarida ni kwamba hukuonyesha usichojua kukiuliza. Unapoona matoleo ya miaka ya thelathini yakiwa na orodha za maneno yaliyopitishwa na vitabu vya shule vilivyokubaliwa, swali la nne linazaliwa lenyewe: Waswahili wenyewe walipewa nafasi gani katika kukubali au kukataa maneno hayo? Liandike, pamoja na toleo lililolizaa.

Hatua ya 8: Chuma na uweke, usisubiri mwisho

Kila unapopata kipande chenye manufaa, kiandike papo hapo kwa maneno yako, pamoja na ukurasa na namba ya swali kilichokuwa kikijibu. Namba hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Ukichuma jambo wakati wa swali la 2, kisha ukalitumia kujibu swali la 4, unaweza kuwa umelisoma kwa jicho lisilofaa. Kwa mfano, ukiwa unauliza kwa nini Kimvita kilishindwa, utaandika kwamba Krapf alikuwa na kamusi kubwa. Ukiuliza kuhusu nafasi ya Waswahili, utataka kujua ni nani waliomfundisha Krapf maneno hayo, na huenda ukurasa huo huo ulikuwa nalo jibu, ukaupita.

Kwa hiyo, kila swali likibadilika, rudia vyanzo viwili vilivyokuwa vizito kuliko vyote na uvisome tena sehemu zake kwa swali jipya. Usivirudie vyote, viwili vinatosha.

Hatua ya 9: Amua lini uache

Utafutaji wa aina hii hauna ukurasa wa mwisho, kwa hiyo ni lazima uweke dalili mapema. Mimi hutumia mbili. Ya kwanza ni pale vyanzo vitatu mfululizo vinaposhindwa kukupa jina jipya, na ukisoma tanbihi zake unazitambua karibu zote. Ya pili ni pale swali lako linapokaa vipindi viwili bila kubadilika, ingawa umeendelea kusoma. Dalili ya kwanza bila ya pili inaonyesha kwamba umezunguka ndani ya kundi moja la waandishi. Ya pili bila ya kwanza inaonyesha kwamba swali limetulia lakini bado kuna matunda kichakani. Zikija pamoja, anza kuandika.

Matatizo yanayotokea na namna ya kuyatatua

*Hakuna matokeo kabisa.* Karibu kila mara ni tatizo la neno. Rudi kwenye chanzo chako cha kwanza utafute jinsi kinavyoliita jambo hilo, kisha jinsi chanzo kilichotajwa humo kinavyoliita. Jaribu pia lugha nyingine. Kwa Tanganyika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mengi yako kwa Kijerumani, na Congo ya wakati wa Wabelgiji iko kwa Kifaransa.

*Matokeo ni maelfu.* Usiongeze maneno ovyo. Hii ni dalili kwamba unaandika mada badala ya swali, au kwamba unatumia maneno ya swali la 1 ilhali umeshafika swali la 3. Soma safu ya pili ya daftari, chukua jina la mtu au la chombo kutoka kwenye swali la sasa, na uliweke ndani ya alama za nukuu.

*Vyanzo vyote vinasema jambo lile lile kwa maneno yale yale.* Shuku kwamba vyote vinamnukuu mtu mmoja. Linganisha tanbihi zao kwenye sentensi hiyo moja. Kama zote zinaishia kwa mwandishi mmoja, una chanzo kimoja tu hata kama umekisoma mara sita, na unapaswa kumfungua yeye mwenyewe na kuangalia alisema nini hasa. Katika historia ya usanifishaji jambo hili hutokea sana kwenye habari za mkutano wa 1928, kwa kuwa wengi hueleza uamuzi bila kufungua kumbukumbu zake.

*Makala nzuri imefungwa na inataka malipo.* Usisimame hapo. Angalia kama mwandishi aliitoa baadaye kama sura ya kitabu, kama kuna nakala kwenye hifadhi ya chuo chake, au kama maktaba yako inaweza kuiomba kutoka maktaba nyingine. Wakati unaisubiri, soma muhtasari wake na marejeo yake, ambayo mara nyingi huwa wazi, kisha yafuate kwa hatua ya 4.

*Msimamizi wangu ameshaidhinisha swali la kwanza.* Mpelekee daftari, hasa safu ya nne. Msimamizi hukataa akiona mwanafunzi amebadilisha mada bila sababu. Akiona sentensi tatu zenye kurasa zake, zikionyesha kwamba swali la mkutano limejibiwa na kwamba lililobaki wazi ni la uchapaji, anakuwa na kitu cha kujadili nawe. Fanya hivyo mapema, swali la 2 linapozaliwa, kabla ya kuandika sura yoyote.

*Nimerudi baada ya wiki tatu na sikumbuki nilikuwa wapi.* Soma daftari kutoka mstari wa mwisho kwenda juu, si kutoka mwanzo. Swali la mwisho na sentensi iliyolizaa vitakurudisha kwenye kichaka ulichokiacha. Kisha fungua chanzo hicho kimoja kwenye ukurasa ulioandikwa, na usome kurasa mbili kabla hujaandika neno lolote kwenye kisanduku cha kutafutia.